Watoto Tisa Waliokosekana kwenye Barua

Katika mwaka wangu wa nne wa kufundisha, shule yetu ilitangaza nafasi moja ya mwalimu mwandamizi wa madarasa ya chini, nami nikaitaka kwa uchu ambao mpaka leo nikiukumbuka naona haya.

Ilikuwa shule ya binafsi, upande wa Magarini, ndani kidogo ya barabara kuu. Wanafunzi wetu walikuwa watoto wa wakulima wa jirani, na wachache walikuwa wa vibarua wa chumvi kule Marereni ambao wake zao walibaki huku kulima. Mimi ni mzaliwa wa Malindi mjini. Siku za wiki nilikaa kwenye chumba cha kupanga karibu na shule, na Ijumaa jioni nilirudi kwa mama. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Kila Disemba mama aliniuliza, "Wamekurudisha?" na kila Disemba nilimjibu, "Bado sijaambiwa, mama." Nilichoka na jibu hilo. Mwalimu mwandamizi hakuwa na habari ya kurudishwa. Alikuwa na kazi yake.

Gredi ya Tatu ilikuwa na mikondo miwili. Wa kwanza ulikuwa wangu. Wa pili ulikuwa wa mwalimu aliyenizidi miaka kama kumi na mitano, mtu wa Kakuyuni, aliyeanza kufundisha kabla hajasomea ualimu na akapata cheti chake akiwa na watoto watatu. Kwa daraja tulikuwa sawa, walimu wa chini sote. Ukuta wa darasa lake na langu ulikuwa mmoja, na haukufika juu, hivyo nilimsikia siku nzima. Alikuwa akiwaachia watoto wasimulie jambo kwa Kigiriama, lugha ya nyumbani kwao, yeye akiliandika ubaoni kwa Kiswahili sentensi moja moja, kisha wakalisoma pamoja kama habari yao wenyewe. Mimi niliona ni kupoteza wakati. Nilikuwa na Kiswahili changu cha mjini, safi, na niliamini mtoto akikisikia vya kutosha kitamwingia.

Mwalimu mkuu alituita waombaji ofisini. Tulikuwa sisi wawili tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kuheshimu karatasi.

"Kila mmoja ataandika barua ya kujitathmini," alisema. "Kurasa mbili, zisizidi. Msiniandikie kwamba mmejitahidi, kila mtu anajitahidi. Niandikieni mlipoanza, mlipofika, na mmejuaje. Kila dai liwe na ushahidi nyuma yake: rejista, karatasi za mitihani, fomu za naibu wangu alipowakagua darasani. Barua zinafika Ijumaa. Jopo litakaa wiki inayofuata."

Nilitoka nikiwa na furaha, kwa sababu namba nilikuwa nazo. Tangu Januari nilikuwa nikipima kusoma kwa watoto wangu kwa daftari maalumu. Mtoto mmoja mmoja aliketi mbele yangu na kifungu kifupi cha Kiswahili, nami na saa mkononi, nikahesabu maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja. Januari wastani wa darasa ulikuwa maneno ishirini na mawili. Oktoba ulikuwa arobaini na moja. Mwenzangu naye alipima kwa kifungu kilekile, kwa kuwa tulikubaliana mwanzoni mwa mwaka, na yeye alitoka ishirini na tano akafika thelathini na sita.

Jumanne baada ya vipindi nilibaki darasani nikaandika. Barua ilinijia kwa wepesi ulionishangaza. Sehemu moja ilisema hivi:

"Kati ya Januari na Oktoba, wastani wa kusoma wa darasa langu umepanda kutoka maneno ishirini na mawili kwa dakika hadi arobaini na moja. Ongezeko hili la maneno kumi na tisa ndilo kubwa zaidi katika gredi. Mahudhurio ya Jumatatu, siku iliyokuwa na utoro mwingi, yameimarika tangu nilipoanza kuwapigia simu wazazi. Naambatisha rejista na daftari la vipimo. Kwa matokeo haya, naamini ninastahili kupewa jukumu la kuwaongoza walimu wenzangu wa madarasa ya chini."

Niliisoma kwa sauti darasani peke yangu. Nilijipenda.

Kisha nikafungua daftari ili ninakili vipimo vya Januari kwenye karatasi safi ya kuambatisha. Majina yalikuwa thelathini na manane. Tisa kati yake yalikuwa yamepigwa mstari wa kalamu nyekundu, kwa mkono wangu, na pembeni nimeandika "amehama mkondo".

Niliyasahau? Sitasema niliyasahau. Niliyaweka mahali nisipopita.

Mambo yalikuwa hivi. Mwishoni mwa muhula wa kwanza nilimwendea mwalimu mkuu nikamwambia kwamba nina watoto tisa ambao hawajui herufi vizuri na wananirudisha nyuma, na kwamba mkondo wa pili una watoto thelathini na watatu tu, nafasi ipo. Alimwita mwenzangu. Nilitarajia abishe. Aliitazama orodha, akasema, "Niletee. Wengi wao nawajua kwao." Muhula wa pili ulipofunguliwa walibeba madaftari yao wakapita mlangoni kwangu, wakaingia mlango wa pili. Tangu siku hiyo darasa langu likawa jepesi, nikaenda mbio.

Nilichukua karatasi nyingine nikahesabu upya, safari hii nikiwachukua wale ishirini na tisa tu waliokuwa nami Januari na wakawa nami Oktoba. Januari, bila wale tisa, wastani wao ulikuwa ishirini na saba. Kwa hiyo walikuwa wamepanda maneno kumi na manne. Kumi na manne si haba. Lakini kumi na tisa ile ya barua haikuwa kazi yangu yote. Sehemu yake ilikuwa ni kuwaondoa wanyonge kwenye hesabu. Na wale tisa, niliowapima Januari wakasoma maneno sita kwa wastani, walikuwa wameingia kwenye hesabu ya mwenzangu wakaivuta chini.

Nilikunja karatasi ile ya pili nikaitia mkobani. Nilijiambia kwamba sikudanganya. Ishirini na mawili ulikuwa wastani wa darasa langu Januari, kweli. Arobaini na moja ulikuwa wastani wa darasa langu Oktoba, kweli. Mtu yeyote akihesabu atapata hivyo hivyo.

Siku ya pili yake, wakati wa mapumziko ya saa nne, mwenzangu alinijia kwenye chumba cha walimu akiwa na kikombe cha chai. Alikaa mkabala nami.

"Dada," alisema, "wale watoto tisa ulionipa. Uliwapima Januari?"

"Niliwapima."

"Nataka vipimo vyao vya mwanzo. Mimi niliwapokea Mei, nikaanza kuwafundisha bila kuwapima, kosa langu. Sasa wanasoma, lakini sina pa kuonyesha walikotoka. Kwenye barua wanaonekana kama mzigo tu."

Daftari lilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa kwenye mapaja yangu.

"Nadhani nimeliacha Malindi," nilisema. "Nitalitafuta."

"Barua ni Ijumaa."

"Nitalitafuta, kaka."

Aliniangalia kidogo, si kwa shaka, kwa namna mtu anavyomwangalia mwenziwe anayemtegemea. Akasema ahsante. Alinishukuru. Kengele ikalia, akaondoka na chai yake haijaisha.

Sijawahi kusema uongo mfupi kuliko huo ukanikaa muda mrefu namna hiyo. Alhamisi sikumpa. Ijumaa asubuhi nilipeleka barua yangu ofisini na viambatisho vyake, na mahali pa daftari zima nikaandika, na kuambatisha, jedwali la wastani tu. Nilimkuta pale mlangoni naye akipeleka yake, ikiwa kwenye bahasha ya kaki. Sikumwuliza ameandika nini, wala yeye hakuniuliza tena habari ya daftari. Nafikiri aliona haya kunidai.

Jumamosi kwa mama sikula vizuri. Mama aliuliza kama naumwa, nikasema ni joto. Jumapili nilikaa ukumbini nikaandika barua ya pili. Hiyo ilisema darasa langu lilianza na watoto thelathini na wanane na likaisha na ishirini na tisa. Kwamba ongezeko la watoto waliobaki ni maneno kumi na manne. Na kwamba watoto tisa walihamishwa kwa ombi langu, vipimo vyao vya Januari hivi hapa. Niliwaandika wote tisa, jina na namba mbele yake. Niliitia kwenye bahasha, na bahasha nikaitia mkobani pamoja na daftari. Lakini sikuwa nimeazimia kuitoa. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa na barua mbili, na moja ilikuwa tayari mezani kwa jopo.

Jopo lilikaa Alhamisi, kwenye maktaba. Tuliwekewa viti viwili nje, na mlangoni kulibandikwa karatasi. Mwenzangu aliingia kwanza. Nilipobaki peke yangu alipita msichana mmoja wa Gredi ya Tatu akiwa na ndoo ya chaki zilizovunjika, ametumwa kuzitupa. Alikuwa mmoja wa wale tisa. Kwangu, muhula wa kwanza, alikuwa akishika kitabu na kukitazama kimya mpaka dakika inakwisha, na kwenye daftari nilimwandikia sifuri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo." Akasimama mbele ya ile karatasi ya mlangoni, akaisoma, si kwa kunionyesha, alisoma tu kwa sababu ilikuwa na maandishi. "Wa-sai-li-wa. Wasailiwa wasubiri hapa." Akanigeukia. "Wasailiwa ni nani, mwalimu?"

"Ni watu wanaoulizwa maswali."

"Wewe unaulizwa?"

"Ndiyo."

"Na mwalimu wetu?"

"Naye."

Akaenda na ndoo yake. Hapo nikatambua kwamba katika mwaka mzima, mtoto aliyesafiri mbali kuliko wote niliowapima alikuwa amesafiri upande wa pili wa ukuta.

Mwenzangu alitoka akiwa ametulia, akaniambia, "Ingia, ni watu wazuri."

Ndani walikuwa watatu: mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi ambaye alikuwa mama mtu mzima aliyestaafu ukaguzi wa shule, na mwakilishi wa wazazi, mzee mmoja karani wa stoo kwenye kiwanda cha chumvi. Mwenyekiti aliniuliza mipango yangu ya kuwasaidia walimu wapya. Nilijibu vizuri. Mwalimu mkuu aliniuliza habari ya simu za Jumatatu. Nilijibu vizuri zaidi. Mzee karani muda wote alikuwa ameishika barua yangu mbali na macho kama wafanyavyo waliosahau miwani.

"Mwalimu," alisema mwisho, "mimi si mtu wa elimu. Kazi yangu ni kuhesabu magunia. Gunia likiingia naandika, likitoka naandika. Hapa umeandika ulipoanzia na ulipofikia. Sijaona walikuwa wangapi. Ulianza na watoto wangapi?"

"Thelathini na wanane."

"Ukamaliza na wangapi?"

"Ishirini na tisa."

Mwalimu mkuu aliinua kichwa. Nadhani alikuwa anajaribu kunisaidia, maana alisema haraka, "Kulikuwa na mpangilio mpya wa mikondo, jambo la kawaida la utawala."

"Sawa," alisema mzee. "Waliotoka walikuwa akina nani? Waliokuwa wakisoma, au wasiosoma?"

Hapo ndipo ningeweza kusema "mchanganyiko". Neno lilikuwa ulimini. Badala yake nikasema, "Wasiosoma. Wote tisa. Niliomba mwenyewe wahamishwe." Kisha nikafungua mkoba nikatoa bahasha na daftari nikaviweka mezani. "Barua niliyoleta Ijumaa ina namba za kweli, lakini haisemi kweli. Hii inasema. Na hivi ni vipimo ambavyo mwenzangu aliniomba, nikamwambia sinavyo."

Mwenyekiti alivuta daftari akalifungua kwenye ile mistari myekundu. Akapitisha kidole jina baada ya jina. Aliniuliza, "Na ulikuwa navyo?"

"Nilikuwa navyo, mama."

"Haya. Nenda, tutakuita."

Hawakuniita siku hiyo. Iliamuliwa kwamba mikondo yote miwili ihesabiwe upya, mtoto mmoja mmoja, alipokuwa Januari na alipo sasa, bila kujali amekaa chumba gani. Wale tisa walipimwa na naibu mwalimu mkuu, si na mimi wala na mwenzangu. Kazi hiyo ilichukua karibu wiki tatu. Katika wiki hizo mwalimu mkuu hakuwa na la kunisemesha zaidi ya salamu. Siku moja tu aliniambia varandani, akitazama uwanjani, "Ungekuja ofisini kwangu kabla ya jopo, tungelimaliza. Umeniacha mbele ya bodi kama mtu asiyejua shule yake." Alikuwa na haki.

Matokeo yalibandikwa ofisini. Watoto wangu, kumi na manne. Wale thelathini na watatu wa mwenzangu wa tangu mwanzo, kumi na tatu. Wale tisa walikuwa wametoka maneno sita wakafika thelathini, ongezeko la ishirini na manne. Yule wa ndoo alisoma thelathini na moja. Nafasi akapewa mwenzangu.

Watu hupenda kusikia kwamba nilifarijika. Sikufarijika. Nililia chumbani kwangu mchana kweupe, na kilio chenyewe hakikuwa cha toba peke yake. Kulikuwa na hasira ndani yake: juu ya yule mzee wa magunia, juu ya mwalimu mkuu aliyetaka namba kisha akachukia namba, na juu ya mwenzangu aliyekuwa mwema kiasi kwamba sikuweza kumchukia kwa raha. Nilimpigia mama nikamwambia sikupata. Akauliza, "Kwa nini?" Nikasema, "Aliyepata amenishinda kazi." Akasema, "Basi huyo mwombee." Sikuweza kumweleza yaliyobaki.

Yule mwenzangu alikuja darasani kwangu siku matokeo yalipobandikwa, baada ya watoto kwenda nyumbani. Nilidhani anakuja kunishukuru, nikajiandaa kuikataa shukrani. Hakushukuru.

"Nimeambiwa daftari ulikuwa nalo siku ile," alisema.

"Ndiyo."

"Siku niliyokuomba. Lilikuwa pale pale, mkobani?"

"Ndiyo, kaka. Nisamehe."

Alikaa kwenye kidawati cha mtoto, magoti yakapanda juu. "Nimekusamehe. Lakini nataka kuelewa. Kama yule mzee asingeuliza, ungelitoa?"

Nilifikiri kumwambia ndiyo. Angefurahi, na mimi ningefurahi. "Sijui," nilisema. "Nimejiuliza kila siku. Sijui."

Alitikisa kichwa polepole. "Afadhali umesema hujui," alisema, akainuka, akaenda zake. Baada ya hapo tulifanya kazi pamoja miaka mitatu, yeye akiwa mkubwa wangu, na hakuwahi kulitaja tena. Lakini hakuwahi tena kuja na kikombe chake kukaa mkabala nami. Alikuwa akikaa na wengine. Hilo lilinifundisha kwamba mtu aweza kukusamehe kwa moyo wake wote na bado asikuamini na kitu chake.

Mkataba wangu ulirudishwa Disemba ile, ingawa nilikuwa nimeshafunga vitu. Januari nilimwomba mwenzangu niwe nakaa nyuma ya darasa lake nusu saa kila Jumatano nimwone anavyoanza na wasiojua kusoma. Alikubali. Nilijifunza Kigiriama cha kutosha kumwuliza mtoto jana alifanya nini na kuelewa jibu, na watoto walicheka matamshi yangu mpaka wakashika mbavu. Mwaka huo nilipewa watoto kumi na wawili wasiojua herufi, na sikumwomba mtu awaondoe.

Nafasi nyingine ya mwandamizi ilipotangazwa nilikuwa mwaka wa saba. Niliandika barua ya kujitathmini ya ukurasa mmoja na robo. Niliweka idadi ya watoto mwanzoni na mwishoni, niliwataja walioondoka na sababu zao, na ongezeko lenyewe lilikuwa dogo kuliko la barua ile ya kwanza. Yeye, kama mwandamizi, ndiye aliyetakiwa kuipitia kabla haijaenda kwa jopo. Alikaa nayo siku mbili, na siku mbili hizo nilizipitisha kwa tabu. Alipoirudisha alikuwa amesahihisha hesabu moja niliyokosea, iliyokuwa inanipunja, na chini kabisa ameandika kwa penseli: "Nimehakiki. Ni sahihi." Hakuandika kwamba ananipendekeza. Jopo lilinipa nafasi, na mpaka leo sijamwuliza kama alikuwa akitaka niipate.